Yutiai inayorudi kila mume akirudi safari

Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nakaa Usa River, nauza mitumba soko la Kilombero. Tangu Januari nimeumwa yutiai mara nne. Mkojo unachoma kama pilipili, kila dakika kumi niko chooni na yanatoka matone tu. Nanunua sipro duka la dawa, natulia, halafu inarudi. Nina nini?

Marahaba. Mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka, tayari tunaiita maambukizi ya kibofu yanayojirudia. Wewe una nne. Kabla ya kuzungumzia dawa nilikuomba tarehe, nawe ukanisomea kutoka nyuma ya daftari lako la madeni: Januari 14, Februari 9, Aprili 20, Juni 2. Kisha nikakuuliza baba watoto anafanya kazi gani. Anaendesha lori la Tunduma. Alirudi nyumbani Januari 12, Februari 7 na Aprili 18.

Mara tatu kati ya nne, maumivu yalianza siku mbili baada ya yeye kuingia nyumbani. Ya Juni hakuwepo, lakini wiki ile ulikuwa umefungua belo jipya, na umeniambia mwenyewe kwamba kwa siku tatu hukutaka kuiacha meza hata kwenda kujisaidia. Hiyo ya mwisho siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Hizo tatu za mwanzo nina imani nazo, na ndizo zitakazoamua aina ya kinga utakayotumia. Daftari lako limenisaidia kuliko vile vijiti vya mkojo ulivyopimwa huko nyuma.

Mume wangu anasema nimemletea ugonjwa, na mimi namshuku yeye wa njiani. Nani kamwambukiza mwenzake?

Kwa maelezo haya, hakuna. Bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya anaitwa E. koli, na kwake ni utumboni mwako mwenyewe. Anatoka njia ya haja kubwa, anajibanza kwenye ngozi ya mbele, anangoja nafasi. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wa mwanamume unakaribia 20. Wakati wa tendo la ndoa msuguano unamsukuma bakteria juu, na safari ya sentimita 4 si ndefu. Ndiyo maana mwanamke mwenye mume mmoja mwaminifu anaweza kuugua kila mume akirudi, na ndiyo maana mume hahitaji kumezeshwa dawa za ugonjwa huu. Mwonyeshe aya hii akitaka.

Ila nina sharti. Kisonono na klamidia navyo huchoma wakati wa kukojoa. Ukiona uchafu usio wa kawaida ukeni, harufu, vidonda au maumivu chini ya kitovu wakati wa tendo, hapo mtapimwa wote wawili. Na kati ya mara zako nne, hakuna hata moja ambayo mkojo ulioteshwa maabara. Ikianza tena, usimeze kitu kwanza. Nawa kwa maji, achia mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati kwenye kikopo safi, ufikishwe maabara ndani ya saa mbili. Majibu huchukua siku mbili au tatu, na yanataja bakteria kwa jina na dawa inayomuua. Dawa ya kuanzia unaweza kupewa mara tu sampuli ikishachukuliwa, hakuna anayekutaka uungue siku tatu.

Sipro zako za vidonge vinne vinne nazo zimechangia. Unatulia, unaacha, na bakteria waliobaki ni wale waliozoea dawa.

Kila mtu ananiambia ninywe maji mengi. Mengi ni kiasi gani? Na sokoni choo ni cha kulipia.

Hili lina kipimo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 140 kama wewe, wenye yutiai za kujirudia na wanaokunywa maji kidogo. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu kwa siku, wengine wakaendelea na mazoea yao. Kwa mwaka mzima, walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, wengine mara 3.2. Maji peke yake, bila kidonge cha kinga, yalipunguza karibu nusu.

Lita moja na nusu ni chupa tatu za nusu lita, juu ya kile unachokunywa sasa. Wewe umesema vikombe viwili vya chai na soda moja. Basi chupa ya kwanza iishe kabla ya saa nne asubuhi, ya pili mchana, ya tatu jioni ukifika nyumbani. Ukiona mkojo umekuwa mweupe na unakwenda chooni mara sita hadi nane kwa siku, umefika. Gharama ya choo iingize kwenye hesabu kama unavyoingiza ushuru wa meza, maana kunywa maji kisha ukayabana saa sita ni kazi bure. Na choo cha soko hakikuambukizi yutiai. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya akina mama wengi wabane. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asiongeze maji bila kumuuliza daktari wake.

Sasa jambo ambalo wa Dar hatalifikiria. Unakaa chini ya Mlima Meru, na maji ya visima na chemchemi nyingi za Arumeru yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wetu mnayajua. Ukiongeza lita moja na nusu kila siku, unaongeza na floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Kwa chupa zako tatu tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au ya chanzo ambacho kimepimwa na kuonekana kina floraidi ya chini.

Mimi ni msafi sana. Nanawa na sabuni ya kunukia mpaka ndani, siku nyingine natia dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Na baada ya tendo nilale au nikakojoe?

Usafi huo wa ndani acha leo. Ukeni wanaishi bakteria walinzi wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayomzuia E. koli asiweke kambi mlangoni pa mrija wa mkojo. Sabuni, dawa, ndimu na vya kujifukiza vinawaua walinzi na kumwachia mgeni uwanja. Nje nawa kwa maji matupu, inatosha. Ukijisaidia haja kubwa, futa au tawadha kutoka mbele kwenda nyuma. Ushahidi wa kitafiti wa hilo la mwisho ni mdogo, ila halina gharama wala madhara. Kama mnatumia kondomu au jeli yenye dawa ya kuua mbegu za kiume, badilisheni: hiyo kweli inaongeza maambukizi.

Kukojoa baada ya tendo nako ushahidi wake si mzito, nami nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa kuwa mkojo unaotoka kwa kasi unasukuma nje kilichoingia. Ugumu ninaousikia ni kwamba mtu anakwenda chooni na hakuna kinachotoka. Ameshinda na kiu kutwa, atakojoa nini? Jioni mume anapoingia, kunywa glasi moja au mbili. Si lazima uruke kitandani kama umeitwa. Ndani ya nusu saa hivi yatosha.

Nimesikia kuna vidonge vya kumeza kidogo kidogo ili isirudi. Nami nianze?

Kwanza tumia maji na hayo mengine miezi mitatu hivi. Ikirudi, vidonge vipo, na ni hapa tarehe zako zinapofanya kazi. Wengi hupewa kidonge kimoja kila usiku kwa miezi 3 hadi 6, hasa wale ambao ugonjwa unakuja bila mpangilio. Lakini wako una mpangilio. Mume anakuwepo siku chache kwa mwezi. Kwa nini umeze siku thelathini? Kwako nitaandika dozi moja tu baada ya tendo, ndani ya saa mbili, na isizidi moja kwa siku hata kama tendo limerudiwa.

Utafiti wa 1990 uliwapa septrini kwa namna hii wanawake 16, wakaugua wawili. Kati ya 11 waliopewa vidonge visivyo na dawa, waliugua tisa. Dozi yenyewe ni nusu ya kidonge cha septrini cha miligramu 480, au nitrofurantoini miligramu 50 hadi 100 pamoja na chakula. Ipi kati ya hizo, itaamuliwa na majibu ya kuotesha, na tunaanza baada ya maambukizi yaliyopo kuisha kabisa. Dozi hii ndogo haitibu ugonjwa ulioshika.

Septrini usiguse kama dawa za salfa ziliwahi kukutoa vipele au vidonda mdomoni. Nitrofurantoini itaugeuza mkojo kuwa wa njano iliyokolea au kahawia, usishtuke. Ila haifai kwa mwenye figo dhaifu wala mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao huku kwetu upo, kwa sababu chembe nyekundu za damu hupasuka. Kikohozi kikavu na kukosa pumzi, ganzi miguuni au macho kuwa ya njano: acha, uje. Na ukikosa siku zako, niambie kabla ya kidonge kinachofuata.

Nitameza mpaka lini?

Miezi sita, kisha tunaacha na kutazama. Karibu nusu ya wanawake huanza kuugua tena baada ya kuacha, kwa hiyo daftari lisifungwe. Ukiugua huku unameza, usiongeze dozi mwenyewe: mkojo unaoteshwa upya, maana huyo huenda ni bakteria asiyeiogopa dawa hiyo. Homa yenye kutetemeka, maumivu ubavuni au kutapika ni dalili za figo, na hizo ni za hospitali siku hiyohiyo. Damu inayoendelea kwenye mkojo baada ya matibabu inahitaji uchunguzi wake, ikiwemo kichocho.

Mama yangu ana miaka 61, naye inamrudia. Nimgawie vidonge vyangu?

Hapana. Kwa umri wake homoni ya estrojeni imeshuka, ukuta wa uke umekuwa mwembamba na mkavu, na wale bakteria walinzi wamepungua. Dawa yake ya kwanza huwa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Aje apimwe sukari pia, na tuangalie kama kibofu kinabaki na mkojo baada ya kukojoa.