Toa Upepo Kabla ya Kulegeza Nati: Hatari ya Rimu za Vipande

Tunapokagua gereji na vibanda vya matairi, tunakuta fundi analegeza nati za gurudumu la lori huku tairi bado lina upepo. Kwa rimu za vipande, zile zinazobanwa na ringi ya loki, kosa hilo huua.

Chukua tela lililotoka Tunduma. Matairi mawili ya nyuma yamepangana. La ndani limeishiwa upepo njiani, la nje limebeba mzigo wa yote mawili. Rimu ya nje inaweza kuwa na ufa, na ringi inaweza kuwa imeanza kutoka kwenye mfereji wake. Huenda kinachoishikilia ni zile nati tu. Kwa hiyo ng'oa kwanza pini za valvu za matairi yote mawili, yatoe upepo wote, kisha pitisha waya kwenye kila valvu kuhakikisha haijaziba. Ndipo ushike spana.

Mafundi hutuambia, "Nimefanya hivi miaka 20." Uzoefu hauzuii chuma. Kwa psi 100, kila inchi ya mraba inasukumwa kwa takriban kilo 45. Tukihesabu inchi 300 tu za ubavu wa tairi, hiyo ni zaidi ya tani 13. Kufunga mnyororo au kulikalia tairi hakuzuii nguvu hiyo. Kulaza ringi chini nako si kinga, maana gurudumu zima litaruka juu.

Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma. Kizimba hakimfai aliyekiegemea, na kilichopinda au chenye welding iliyopasuka hakifai kabisa. Mpira wa upepo uwe na klipu inayojishika kwenye valvu, na geji pamoja na koki viwe upande wako, angalau mita 3 kutoka kwenye gurudumu. Simama pembeni, usielekee ubavu wa tairi. Ringi ikikaa vibaya, usiigonge nyundo. Toa upepo wote, fungua, anza upya.

Tairi lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake lisijazwe likiwa kwenye gari. Nyuzi zake za chuma huenda zimechoka bila kuonekana. Livue, likaguliwe ndani na nje. Ukisikia sauti ya kukatikakatika ndani yake wakati wa kujaza, funga koki na usilisogelee.

Kuhusu sheria, wengi hudhani kibanda cha barabarani hakihusiki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka sehemu za kazi zisajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Mkaguzi akikuta hatari anaweza kuandika ilani ya marekebisho yenye muda maalumu, au kusimamisha kazi hiyo mpaka irekebishwe. Kuikaidi ilani ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Mwenye gereji ndiye anayewajibika kuleta kizimba, si kijana aliyeajiriwa juzi.