Skripti moja, matoleo saba: kukata tangazo ili ujue kilichouza

Tangazo la nusu dakika likiuza, mwenye biashara huuliza kilichouza ni nini. Ni ile sentensi ya kwanza? Bei? Au ule mwaliko wa mwisho wa kutuma ujumbe? Ukiwa na toleo moja tu huna jibu. Na ukitengeneza matoleo matano yanayotofautiana kila kitu, bado huna jibu, maana hujui tofauti ipi ndiyo iliyofanya kazi. Namna ninayoifuata ni kuandika skripti moja yenye viungo, kama kuku anavyokatwa kwenye maungio badala ya kuvunjwa mifupa, kisha kubadili kipande kimoja kwa wakati mmoja.

Nitatumia mfano wa jiko banifu la mkaa, lile la bati lenye udongo ndani, linalotangazwa kwa video ya sauti na picha kwenye Facebook na Instagram kwa wateja wa Dar es Salaam. Skripti mama ni hii:

*Ndoano:* Mkaa umeisha na maharage bado magumu?
*Kiini:* Jiko hili lina udongo mnene ndani, unaozuia moto usipotelee pembeni. Joto linapanda kwenye sufuria. Ukiwasha mara moja unapika wali, mboga na chai ya jioni.
*Dhamana:* Udongo ukipasuka ndani ya mwaka mmoja, tunakubadilishia jiko bure.
*Bei:* Bei ni shilingi elfu thelathini na tano, na tunakuletea mpaka nyumbani.
*Wito:* Tuma neno JIKO kwa WhatsApp, namba iko kwenye skrini.

Ni maneno 59. Kwa Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu mimi hukadiria maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo hapo tuna sekunde 30 hivi. Maneno yetu ni marefu: "tunakubadilishia" ni neno moja lenye silabi nane, kwa hiyo makadirio ya maneno yaliyotengenezwa kwa lugha nyingine yatakudanganya. Bei nayo iandikwe kwa maneno kabla hujahesabu. "35,000" kwenye karatasi inaonekana neno moja, mdomoni ni manne.

Sasa angalia mwanzo wa kiini: "Jiko hili lina…" Hapo ndipo skripti nyingi zinapoharibikia. Mwandishi akiwa na ndoano inayotaja jiko, huandika sentensi inayofuata hivi: "Lina udongo mnene ndani." Inasikika vizuri kabisa, kwa sababu *li-* inarudi kwenye jiko lililotajwa. Badilisha ndoano iwe ya mkaa au ya maharage, na ile *li-* inabaki inaning'inia. Msikilizaji anajiuliza ni kipi hicho chenye udongo, na sekunde mbili zimekwenda. Vivyo hivyo kwa "ndiyo maana", "hiyo yote" na "suluhisho lake": kila neno linaloegemea sentensi iliyopita linafunga kiungo kisikatike. Kanuni ninayoishika ni kwamba kila kipande kianze kwa kutaja kitu chenyewe kwa jina. Kuhakikisha, soma kiini kwa sauti bila ndoano yoyote mbele ya mtu asiyeijua bidhaa. Akiuliza "nini?", rekebisha.

Baada ya hapo zinaandikwa ndoano nyingine mbili. Makosa ya kawaida ni kuandika ndoano tatu ambazo kimsingi ni moja, yaani "Mkaa umeisha?", "Umeishiwa mkaa?", "Mkaa unaisha haraka?" Matokeo yakifanana hujajifunza lolote. Ndoano zitofautiane katika sababu ya kumsimamisha mtu. Ya kwanza, ND1, ni ile ya juu inayogusa kero. ND2 inaonyesha matokeo: picha ya karibu ya maharage yakipondwa kwa kijiko, na sauti inasema, "Maharage haya yameiva kwa kopo moja la mkaa." ND3 inamwita mlengwa kwa jina la kazi yake: "Mama ntilie, mkaa unakula faida yako?" Zote ziko kati ya maneno sita na manane, ili urefu usiingie kwenye mashindano ya ndoano.

Kurekodi kunahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Ndoano zote na kiini virekodiwe siku moja, msomaji akiwa umbali uleule na maikrofoni. Ukimwita tena wiki ijayo kwa ajili ya ND3 peke yake, atakuja na mafua au na furaha zaidi, na utakachopima ni sauti, si maneno. Kila ndoano isomwe pamoja na sentensi ya kwanza ya kiini, kisha ile sentensi ikatwe. Ukimwambia asome ndoano tupu, atashusha sauti mwishoni kana kwamba habari imekwisha, na mshono utasikika. Acha nusu sekunde ya kimya kwenye kila kiungo, na rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba chenyewe ili mhariri azibie mapengo.

Ndoano tatu, urefu wa aina tatu na wito wa aina tatu vikizidishwa vinatoa matoleo 27. Biashara ndogo haiwezi kuyalipia, na kila toleo litaonekana na watu wachache mno. Kwa hiyo tunakwenda kwa duru. Duru ya kwanza ni ndoano tatu, zote za sekunde 30 na wito uleule wa kutuma neno, W1. Ya pili inachukua ndoano iliyoshinda na kuongeza urefu wa sekunde 15 na 6. Ya tatu inaongeza wito wa aina mbili. Jumla ni matoleo saba. Majina ya mafaili yaseme kila kitu, la sivyo baada ya wiki mbili hakuna atakayejua "final_mpya2" ni ipi:

```
JIKO_ND1_30_W1.mp4
JIKO_ND2_30_W1.mp4
JIKO_ND3_30_W1.mp4
```

Na kila toleo lipewe kiungo chake cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, ili mteja anapobonyeza, neno lenyewe likuambie ametoka wapi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=JIKO%203
```

Kwenye Ads Manager, pale unapoendeshea matangazo ya Facebook na Instagram, usiyaweke matoleo matatu ndani ya kundi moja la matangazo na kusubiri haki itendeke. Mfumo huanza mapema kumpendelea mmoja na kumpa sehemu kubwa ya bajeti, wengine wakiwa hawajaonekana vya kutosha. Tumia jaribio la A/B la humohumo, ambalo hugawa watu ili kila mmoja aone toleo moja. Maelezo chini ya video, picha ya jalada na bajeti vifanane. Matoleo yote yaanze wakati uleule na yaende siku saba kamili. Ukiendesha ND1 tarehe 27 mishahara ikiwa imetoka, na ND2 tarehe 15, umepima mishahara.

Tuseme kila ndoano imeonekana na watu 2,000, na matokeo ni haya: waliopita sekunde 3 ni 430 kwa ND1, 560 kwa ND2 na 380 kwa ND3. Ujumbe wa WhatsApp ni 9, 11 na 21. Anayetazama sekunde 3 peke yake atamtangaza ND2 mshindi na kufunga daftari. Lakini ND3 iliyosimamisha watu wachache kuliko zote ndiyo iliyoleta ujumbe mwingi. Si ajabu: ikimtaja mama ntilie, wengine wanapita, na anayebaki ni yule anayenunua mkaa kila siku. Kipimo cha sekunde 3 kinafaa kukuambia ndoano gani imekufa kabisa. Mshindi atafutwe kwa ujumbe, na ikiwezekana kwa majiko yaliyolipiwa.

Je, 21 dhidi ya 11 inatosha? Kuna hesabu fupi inayofaa pale matoleo mawili yameonekana na watu sawa: toa namba moja kwa nyingine, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa jumla ya zile mbili. Ikizidi 4, si rahisi tofauti hiyo iwe bahati tu. Kwa ND3 na ND1: 21 toa 9 ni 12, mara 12 ni 144, gawanya kwa 30 ni 4.8. Inatosha, ND1 aondoke. Kwa ND3 na ND2: 10 mara 10 ni 100, gawanya kwa 32 ni 3.1. Haitoshi. Hapo warudishe wawili hao kwa wiki nyingine, na wiki hiyo ihesabiwe peke yake. Usifungue hesabu kila asubuhi na kusimamisha jaribio siku utakayoona 4. Namba ndogo hupanda na kushuka, na ukizivizia utazipata siku unayoitaka. Tuseme wiki ya pili imeleta 24 kwa 9: 15 mara 15 ni 225, gawanya kwa 33, karibu 6.8. Sasa ND3 ameshinda.

Duru ya urefu haifanywi kwa kumharakisha msomaji. Kinachotoka ni vipande vizima. Toleo la sekunde 15 lina maneno 27: ndoano, sentensi ya kwanza ya kiini, "Shilingi elfu thelathini na tano, tunakuletea", na "Tuma neno JIKO kwa WhatsApp". Dhamana imetoka yote. Usijaribu kuibana iwe "Udongo ukipasuka, tunakubadilishia", kwa sababu ule mwaka mmoja ndio ahadi yenyewe, na mteja wa mwaka wa tatu atakuja na jiko lake mkononi. Toleo la sekunde 6, ambalo ndilo kikomo cha yale matangazo mafupi ya YouTube yasiyorukwa, lina nafasi ya maneno 12 tu: "Mama ntilie, mkaa unakula faida yako? Jiko la udongo. Tuma JIKO." Bei inakaa kwenye skrini. ND3 inastahimili ufupi huo. ND2 isingestahimili, kwa sababu picha ya maharage inahitaji sekunde mbili ili ieleweke. Kwa hiyo ushindi wa ndoano kwenye sekunde 30 usiuhamishie kwenye 6 bila kupima.

Wito ndio mgumu kulinganisha. W1 ni kutuma neno, W2 ni "Piga simu sasa", W3 ni "Njoo ulione likiwaka dukani". Ujumbe 40 na simu 15 si vitu vya mizani moja, maana anayepiga simu mara nyingi ameshaamua, na anayetuma neno anaweza kuwa anadadisi tu. Hapa hesabu ile ya 4 ifanywe kwa majiko yaliyolipiwa pekee, na muuzaji aandike kwenye daftari kila mauzo na alikotoka: neno, simu au mlango. Kwa kuwa mauzo ni machache kuliko ujumbe, duru hii ipewe wiki mbili au tatu. Na simu ipokelewe. W2 ikiendeshwa saa mbili usiku wakati duka limefungwa, itaonekana wito mbaya, kumbe aliyekosekana ni mpokeaji.