Kusaini mkataba kwa shinikizo: saini inapoweza kufutwa

Sheria hutofautisha shinikizo la aina mbili. Kwenye shuruti kuna kitisho: saini, la sivyo utapigwa, mali yako itazuiliwa au utaumizwa kibiashara kwa njia isiyo halali. Kwenye ushawishi usiofaa huenda asitokee mtu wa kukutisha hata kidogo. Unasaini kwa sababu unamwamini aliyekuwekea karatasi mbele, naye anaitumia imani hiyo.

Hili la pili ndilo gumu kuliona, na kesi ya Uingereza ya Lloyds Bank dhidi ya Bundy, iliyoamuliwa mwaka 1974, inalionyesha vizuri. Bundy alikuwa mkulima mzee, na mali yake ya maana ilikuwa nyumba yake ya shambani, yenye thamani ya paundi 10,000 hivi. Mwanawe alikuwa na kampuni iliyodaiwa na benki ambayo mzee mwenyewe aliitumia miaka mingi. Mei 1969 benki ilimwomba aongeze dhamana. Karatasi aliachiwa, akamwonyesha wakili wake, na wakili akamwambia asivuke paundi 5,000. Akasaini.

Desemba mwaka huohuo meneja msaidizi mpya alikuja nyumbani na fomu zilizokwisha kujazwa, safari hii za dhamana ya paundi 11,000. Alieleza kwamba bila dhamana hiyo benki haitaendelea kuisaidia kampuni. Mzee akasaini papo hapo. Kampuni ilipoanguka, benki ikataka kumtoa nyumbani.

Mahakama ya Rufani ilizifuta karatasi za Desemba. Meneja hakutisha wala kudanganya. Lakini alijua mzee anamtegemea kwa ushauri, benki ndiyo iliyokuwa ikifaidika, na hakumwambia akamwone wakili kwanza. Linganisha na Mei: tofauti kubwa ni zile siku za kufikiri, na ushauri wa mtu asiye na maslahi.

Kwa kawaida benki na mteja wake ni wafanyabiashara tu, kwa hiyo Bundy alilazimika kuonyesha kwamba uhusiano wao ulikuwa umevuka hapo. Kwa wakili na mteja wake, daktari na mgonjwa, au kiongozi wa dini na muumini, utegemezi huo huchukuliwa kuwa upo. Mkataba ukionekana wa ajabu kwa kumfaidi mwenye nguvu, yeye ndiye atakayetakiwa kueleza kwamba mwenzake alisaini kwa hiari.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani kwamba mkataba wa namna hii umekufa wenyewe. Unabatilika tu: unaendelea kuwa na nguvu mpaka aliyeshinikizwa aukatae. Akishatoka kwenye shinikizo kisha akaendelea kulipa au kupokea faida yake, au akakaa kimya kwa muda mrefu, mahakama inaweza kusema ameuridhia. Mali nayo ikishauzwa kwa mtu wa tatu aliyelipa kwa nia njema bila kujua lolote, kuirudisha huwa vigumu sana.