Ukigonga meza, umenipa nini hasa?

Kila bendi yetu ikipumzika kwenye harusi, hapa Kisumu au huko Kakamega, kuna mtu atanivutia kiti na kuniuliza, "Wewe si ndiye wa dramu? Haya, huu ni wimbo gani?" Anagonga meza, ananitazama, na nikinyamaza anaona sijui kazi. Watu wanaamini kila wimbo una mdundo wake peke yake, kwa hivyo mpiga dramu lazima autambue. Si kweli, na nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa na sahani mkononi.

Kwanza, wengi wananigongea dramu yenyewe. Kwenye benga tunazopiga, kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, inaingia kila hesabu na haihati, zile sahani mbili za kugongana, inajaza katikati. Nitakwambia ni benga, na pengine ni benga ya enzi gani, lakini mdundo huohuo umebeba nyimbo nyingi mno. Isukuti, ngoma ya Waluhya, nayo ni vivyo hivyo: ngoma zinaendelea kama zilivyokuwa, huku mwimbishaji akibadilisha wimbo juu yake. Mdundo wa ngoma unakuonyesha mtindo. Ukitaka wimbo, gonga maneno, pigo moja kwa kila silabi.

Chukua wimbo wa hepi bathdei, na anayeimbiwa ni Akinyi. Mstari wa kwanza una mapigo sita, wa pili sita, wa tatu manane kwa sababu jina lina silabi tatu, kisha wa nne sita. Anayeimbiwa angekuwa Juma, mstari wa tatu ungekuwa na saba. Ndani ya mstari wa kwanza, "he-pi" ni mapigo mawili ya harakaharaka, kisha "bath", "dei" na "tu" yanakuja kwa mwendo sawa, na baada ya "yu" kuna pengo refu kabla ya mstari mwingine. Mimi sishiki kasi, maana kila mtu ana kasi yake. Nashika pengo lipi ni refu kuliko lipi, mapigo mangapi yamepita kabla ya pengo kubwa, na ni mstari gani umerudiwa.

Hapa ndipo watu wananikera. Wimbo huu unahesabiwa kwa tatu, na "moja" yenye uzito iko kwenye "bath". "He-pi" inatangulia hesabu. Wewe unayegonga unaisikia "moja" kichwani, lakini mezani mapigo yote yana sauti ileile. Mimi nikichukua pigo lako la kwanza kuwa "moja", kisha nikahesabu nne kama tulivyozoea kwenye dansi, uzito wote unaangukia pasipo pake, na kila nikiendelea kusikiliza napotea zaidi. Dawa ni rahisi: mguu ukanyage hesabu, mkono ugonge silabi. Mguu ukishaniambia "bath" ndiyo "moja", mapigo yaleyale yanakuwa wimbo mwingine masikioni. Huwa naomba hivyo kabla mtu hajaanza, na wengi wanakataa wakidhani natafuta njia ya mkato.

Tena meza haivuti sauti. Umeivuta "yu" au umeikata ukanyamaza, mimi nasikia ko, kisha kimya. Nyimbo za kanisani ndizo mbaya zaidi. Nyingi zina mistari ya silabi nane, sita, nane, sita, ndiyo maana maneno ya wimbo mmoja yanaingia kwenye tuni ya mwingine bila shida. Zikiimbwa kwa mwendo sawa, silabi moja hesabu moja, hakuna sikio litakalozitenganisha mezani.

Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwapa watu kazi hiihii ya kugonga nyimbo zinazojulikana sana. Waliogonga walidhani nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani mwake, sauti na maneno, halafu anamlaumu anayesikia ko-ko-ko peke yake.

Kuna jambo linalonisumbua hata pale ninapopatia. Mama wa kwaya akigonga, tayari nimeshaondoa benga akilini. Kijana akigonga kwenye sherehe ya kuzaliwa, hepi bathdei inajileta kabla ya pigo la tatu. Sijui ni kiasi gani cha majibu yangu kinatoka kwenye mapigo na kiasi gani kinatoka kwa mtu aliye mbele yangu. Kwa hiyo ukitaka kunipima kweli, chagua nyimbo kumi za kila aina, za benga, za kwaya na za sherehe, mwambie mtu nisiyemjua azigonge nyuma ya pazia, mguu na mkono, mistari minne kila wimbo. Nitakaa nisikilize.