Jedwali moja la miamala, maswali matatu: indeksi ya ndani au ya jumla?

Mfumo wa malipo ukishakua kiasi cha kugawanywa kwenye shadi, yaani vipande vya data vinavyokaa kwenye mashine tofauti, ufunguo wa kugawia huwa hausumbui sana. Kwa kawaida ni `mteja_id`, maana mteja ndiye anayefungua salio na taarifa yake mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kazi inaanza wanapokuja watu ambao maswali yao hayana `mteja_id` ndani yake. Mhudumu wa wateja anapigiwa simu na kutajiwa namba ya kumbukumbu tu. Wakala wa Kariakoo anataka kuona miamala yake 20 ya mwisho. Usiku kuna kazi inayopita kutafuta miamala iliyokwama katika hali ya kusubiri.

Hayo ni maswali matatu kwa jedwali moja, na naona kila moja linastahili jibu lake. Makosa mengi ninayokutana nayo katika mifumo ya hapa Dar es Salaam yanatokana na timu kuchagua aina moja ya indeksi na kuibandika kila mahali. Tuchukue jedwali hili, limegawanywa kwenye shadi 16. Takwimu za mzigo nitakazotaja ni za mfano.

```sql
CREATE TABLE miamala (
  mteja_id    BIGINT,
  muamala_id  BIGINT,
  kumbukumbu  VARCHAR(20),
  wakala_id   BIGINT,
  hali        VARCHAR(12),
  kiasi       BIGINT,
  muda        TIMESTAMP,
  PRIMARY KEY (mteja_id, muamala_id)
);
```

Indeksi ya ndani ni ile ambayo kila shadi inajitunzia kwa rekodi zake yenyewe. Shadi ya 7 haijui lolote kuhusu kilichomo kwenye shadi ya 8. Indeksi ya jumla ni kama jedwali la pili: nayo imegawanywa kwenye shadi, ila inagawanywa kwa thamani inayotafutwa, si kwa `mteja_id`. Kati ya hifadhidata, MongoDB, Cassandra na Elasticsearch kwa kawaida yao hutumia za ndani. Spanner na CockroachDB hutumia za jumla. DynamoDB inazo zote mbili.

Namba ya kumbukumbu

Tuseme saa za jioni siku ya mshahara kunakuja maombi 500 kwa sekunde ya kutafuta kumbukumbu. Kwa indeksi ya ndani, mfumo haujui namba hiyo iko shadi gani, kwa hiyo unauliza zote 16. Maombi 500 yanageuka kuwa utafutaji 8,000 kwa sekunde, na kati ya huo 7,500 unarudi mikono mitupu, kwa sababu rekodi ni moja tu na iko sehemu moja tu.

Wengi wanaliona hilo na kusema basi tuongeze shadi. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Ukiwa na shadi 32, kila shadi bado inapokea maombi yote 500. Umeongeza mashine, lakini mzigo wa swali hili kwa kila mashine haujapungua hata kidogo. Kuongeza shadi kunasaidia maandishi na kunasaidia maswali yenye `mteja_id`. Swali linalokwenda kila mahali halinufaiki.

Kasi nayo inaumia. Jibu haliwezi kutoka kabla shadi ya mwisho haijajibu, kwa hiyo unasubiri ile iliyo taratibu kuliko zote. Tuseme kila shadi inajibu upesi mara 99 kati ya 100, na mara 1 inachelewa. Uwezekano wa ombi la shadi 16 kukutana na angalau moja iliyochelewa ni:

```
1 - 0.99^16 ≈ 0.15
1 - 0.99^64 ≈ 0.47
```

Yaani kilichokuwa tatizo la ombi 1 kati ya 100 kimekuwa cha maombi 15 kati ya 100, na ukifika shadi 64 ni karibu nusu ya maombi yote. Grafu ya kila shadi inaonekana nzima, huku mhudumu wa wateja akilalamika kwamba mfumo ni mzito. Ukiona tofauti hiyo, tazama mpango wa swali. Kwenye MongoDB, `explain()` itakuonyesha `SINGLE_SHARD` au `SHARD_MERGE`, pamoja na orodha ya shadi zilizoulizwa.

Kwa indeksi ya jumla, swali hilohilo linakwenda sehemu mbili: shadi ya indeksi inayoshika namba ile, kisha shadi ya mteja. Gharama inahamia kwenye kuandika. Kila muamala mpya unagusa shadi ya mteja na shadi ya indeksi, na kwa shadi 16 mara 15 kati ya 16 hizo ni shadi mbili tofauti. Ukitaka zikubaliane papo hapo, unahitaji makubaliano ya awamu mbili, yaani shadi zote ziseme kwanza kwamba ziko tayari ndipo ziambiwe zihifadhi, na kila malipo yanabeba milisekunde za mzunguko wa ziada.

Lakini namba ya kumbukumbu ikishaandikwa haibadiliki. Gharama hiyo unailipa mara moja katika maisha yote ya muamala, na faida unaipata kila mtu anapouliza. Isitoshe, indeksi ya ndani haiwezi kukuhakikishia kwamba namba ni ya pekee nchi nzima. Kila shadi inaangalia kwake tu. Ndiyo maana MongoDB inadai indeksi ya upekee kwenye jedwali lililogawanywa ianze na ufunguo wa kugawia, na Citus, kiendelezi cha kugawa majedwali ya PostgreSQL, inadai safu ya kugawia iwemo. Kwangu hili peke yake linatosha: kumbukumbu ipewe indeksi ya jumla.

Hali ya muamala

Sasa geuza upande. Safu ya `hali` ina thamani chache: `inasubiri`, `imekamilika`, `imeshindwa`. Na kila muamala unaibadilisha.

Indeksi ya jumla hapa ni balaa. Neno `inasubiri` ni thamani moja, na thamani moja inakaa shadi moja. Kama yanaingia malipo 3,000 kwa sekunde, basi shadi hiyo moja inapokea maingizo 3,000 na ufutaji 3,000 kila sekunde, huku kila mabadiliko ya hali yakiweza kugusa shadi tatu: ya mteja, ya kufuta ingizo la zamani na ya kuweka jipya. Kwenye DynamoDB kizigeu kimoja, ambacho ndicho shadi yake, kinamudu vizio 1,000 vya kuandika kwa sekunde, na indeksi ya jumla ikikosa nafasi ya kuandika, jedwali mama nalo linaanza kukataa maandishi. Yaani mteja wa Mbagala anashindwa kulipa kwa sababu ya indeksi ambayo hajawahi kuitumia na wala hataitumia. Wapo wanaoivunja thamani kwa kuiongezea tarakimu, `inasubiri#0` hadi `inasubiri#15`. Inapunguza joto, ila sasa msomaji analazimika kuuliza mara 16, na gharama ya kusoma ni ileile ya indeksi ya ndani.

Kwa indeksi ya ndani, maingizo hayo 3,000 yanasambaa, takriban 188 kwa kila shadi, na ufutaji vivyo hivyo, na kila moja linahifadhiwa pamoja na rekodi yake katika shadi ileile. Kazi ya usiku inauliza shadi zote 16, lakini hakuna mtu anayeisubiri dirishani, na kila shadi ina kitu cha kurudisha. Kwenye PostgreSQL indeksi inaweza kuwa ndogo sana:

```sql
CREATE INDEX miamala_iliyokwama
  ON miamala (muda) WHERE hali = 'inasubiri';
```

Inashika ile inayosubiri peke yake. Mingine inatoka ndani yake baada ya kukamilika au kushindwa.

Wakala wa Kariakoo

Hili ndilo gumu, na ndilo linalostahili muda wenu. Wakala anataka miamala yake 20 ya mwisho, mipya juu. Kwa indeksi ya ndani, kila shadi inatoa 20 zake, zinakusanywa 320, zinapangwa, 300 zinatupwa. Kwa indeksi ya jumla kwenye `(wakala_id, muda)`, zote 20 ziko shadi moja, tena zimeshapangwa. Inaonekana ni ushindi wa wazi, mpaka ukumbuke kwamba indeksi ina funguo tu. Kiasi na hali viko kwenye rekodi, na wateja 20 wa wakala yule wametawanyika kwenye shadi karibu zote. Hatua ya pili inakurudisha kulekule ulikokuwa unakimbia.

Dawa ni kunakili ndani ya indeksi safu ambazo skrini ya wakala inazihitaji. Chagueni kwa uangalifu. `kiasi` hakibadiliki, nakili bila wasiwasi. `hali` inabadilika, na ukiinakili, kila muamala unaokamilika unaandika tena kwenye shadi ya wakala. Mimi ningeinakili tu, kwa sababu wakala bila hali hana anachokiona. Hata hivyo ningepima kwanza wakala mwenye shughuli nyingi kuliko wote, maana maandishi yake yote yanaangukia sehemu moja.

Halafu kuna suala la muda wa indeksi kufika. Indeksi ya jumla ya DynamoDB husasishwa nyuma ya pazia, na haikubali usomaji wa `ConsistentRead`, yaani ule unaohakikisha unaona maandishi ya mwisho. Mteja amesimama mbele ya kibanda anasema, "Kaka, hela imeshatoka kwangu." Wakala anafungua orodha, muamala haupo. "Dada, bado, rudia." Hapo malipo mawili yamezaliwa.

Watu husema, soma indeksi kisha hakikisha kwenye rekodi yenyewe. Hiyo inatibu upande mmoja tu. Ingizo lililopitwa na wakati utaligundua ukifika kwenye rekodi na kulitupa. Ingizo ambalo bado halijaandikwa halikupeleki kwenye rekodi yoyote, kwa hiyo hakuna cha kuhakikisha. Ndiyo sababu anayejitengenezea indeksi ya jumla kwa mkono anapaswa kufuata mpangilio: ingizo la indeksi liandikwe kwanza, rekodi ifuate, na ufutaji wa ingizo la zamani uje mwisho. Mfumo ukianguka katikati unabaki na maingizo yasiyo na rekodi, ambayo msomaji anayaruka, na kazi ya usafi inayafagia baadaye. Vitess, mfumo wa kugawa MySQL kwenye shadi, inafuata mpangilio huu kwenye `consistent_lookup_unique`.

Kwa orodha ya wakala, kuchelewa kidogo kunavumilika. Kwa uthibitisho wa "imeingia au haijaingia" hakuvumiliki, kwa hiyo kitufe cha kuthibitisha kisome kwa kumbukumbu mpaka kwenye rekodi ya mteja, kisitegemee orodha.

Na kama kumbukumbu unaitengeneza wewe mwenyewe, kuna njia isiyohitaji indeksi ya kutafutia kabisa. Gawa wateja kwenye ndoo 1,024 za kimantiki, kisha weka namba ya ndoo ndani ya kumbukumbu:

```
ndoo = hash(mteja_id) % 1024
kumbukumbu = ndoo (tarakimu 4) + mfuatano
```

Anayeuliza anasoma tarakimu nne za mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye shadi inayoshika ndoo hiyo. Upekee nao unatunzwa ndani ya shadi moja. Tumia ndoo, usitumie namba ya shadi, kwa sababu siku ukihama kutoka shadi 16 kwenda 32 ndoo zinahama nzima-nzima na risiti za zamani zinaendelea kufanya kazi. Namba zinazotoka benki au mtandao mwingine haziwezi kubeba tarakimu zako. Hizo ziachie indeksi ya jumla, na uilipie gharama yake ya kuandika.