Watumishi wawili katika nafasi moja: saa ya makabidhiano ndiyo ya kupangwa kwanza

Vyama vya msingi vya korosho katika wilaya za Masasi, Newala na Nachingwea huwa na nafasi ya karani wa ghala, na mara nyingine nafasi hiyo hutakiwa na watu wawili wenye sifa ambao, kwa sababu za kulea watoto au kuuguza mzazi, hakuna anayeweza kufanya kazi wiki nzima. Kuwaajiri wote wawili kwa muda nusu nusu kunawezekana. Hata hivyo, mipango mingi huanza kwa kugawa siku na mshahara, ilhali jambo linaloharibu utaratibu huu ni pale karani mmoja anapotoka na mwingine anapoingia.

Tuchukue ghala linalofunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, kukiwa na mapumziko ya saa moja kuanzia saa 6:00 mchana. Hizo ni saa 40 za kazi kwa wiki, chini ya kikomo cha saa 45 za kawaida kilichowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Karani wa kwanza anafanya Jumatatu, Jumanne na Jumatano hadi saa 6:00 mchana. Wa pili anaendelea kuanzia Jumatano saa 7:00 mchana hadi Ijumaa jioni. Kila mmoja anapata saa 20, lakini kwa mgawanyo huo hawaonani kabisa. Kwa hiyo wa pili aingie Jumatano saa 5:00 asubuhi, ili wawe pamoja kwa saa moja. Kama mshahara wa nafasi nzima ni shilingi 600,000 kwa mwezi, wa kwanza atalipwa 300,000 na wa pili, mwenye saa 21, atalipwa 315,000. Nyongeza hiyo ya shilingi 15,000 ndiyo gharama ya makabidhiano, na mwajiri asiyetaka kuilipa ni afadhali aajiri mtu mmoja tu.

Katika saa hiyo, makarani wahesabu magunia pamoja, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, kabla ya kulifungua daftari la mizigo, kwa maana anayeijua hesabu ya daftari huipata hesabu hiyohiyo sakafuni. Tuseme wamepata magunia 409, kisha daftari likaonyesha 412. Wakiwa bado wote wawili ghalani, karani wa kwanza anakumbuka kwamba magunia matatu yaliyochanika yamewekwa nyuma ya mizani yakisubiri kufungashwa upya. Wanayaona, wanaandika mahali yalipo, na wote wanatia saini. Upungufu huohuo ukigunduliwa Ijumaa, na makabidhiano ya Jumatano hayakufanyika, hakuna njia ya haki ya kuamua nani awajibike. Waandike pia namba ya stakabadhi ya mwisho iliyotolewa, funguo zilizokabidhiwa na wakulima ambao madai yao hayajamalizika.

Uzito una tahadhari yake. Korosho hupungua uzito kadiri inavyoendelea kukauka, kwa hiyo kupima tena magunia kumi yaliyowekwa alama, kwa mizani ileile, kutaonyesha kama kilo zinapungua kwa kukauka au kwa sababu nyingine. Ghala zima halipimiki kwa saa moja. Ikiwa Jumatano ndiyo siku ya kupakia mzigo uliouzwa mnadani, makabidhiano yahamishiwe siku tulivu zaidi, na utaratibu wenyewe uanze kabla ya msimu kufunguliwa Oktoba.

Kila karani apewe mkataba wake wa maandishi unaotaja siku na saa zake, na kila mmoja achangiwe NSSF kwa mshahara wake. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kwa kila mmoja, akilipwa kwa kiwango chake. Baadhi ya waajiri hutoa siku 14 kwa hoja kwamba ni nusu ya mtu, na hilo ni kosa. Mwenzake asidhaniwe kuwa atajaza pengo la likizo bila kuulizwa: saa hizo zikubaliwe kwa maandishi na zilipwe. Mwajiri aangalie pia idadi ya wafanyakazi wake, kwa sababu wawili hawa huhesabiwa wawili, na anayefikisha wafanyakazi 10 huingia katika tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Mkataba useme pia nini kitatokea mmoja akiacha kazi. Mkataba wa anayebaki hauvunjiki kwa sababu hiyo. Aulizwe kwanza kama anaitaka nafasi nzima, na akikataa, nusu iliyo wazi itangazwe. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku zisizopungua 28, muda unaobeba Jumatano nne, na mgeni akipatikana mapema anaweza kuingia katika hesabu za mwishomwisho akiwa mtu wa tatu, kabla hajatia saini yake mwenyewe.