Robo ya Samaki Iliyobaki: Kuandika Upya Maelezo ya Mahitaji katika Ombi la Ruzuku

Kila andiko la kuomba ruzuku lina sehemu inayoitwa maelezo ya mahitaji, ambayo kazi yake ni moja tu: kumweleza mfadhili ni watu gani wana shida, ni shida gani, na inawagharimu nini. Katika kitengo chetu cha kupitia maombi hapa Mombasa, sehemu hiyo ndiyo tunayoirudisha kwa vikundi mara nyingi zaidi, na sababu haiwi kwamba shida haipo. Mara nyingi shida ipo, lakini imefunikwa na maneno ya semina hata haionekani tena.

Mfano nitakaoutumia nimeuunda kutokana na maandiko mengi ya aina moja, na hesabu zake ni za kuonyesha njia tu. Chukulia kikundi cha wanawake 17 kwenye diko moja, yaani mahali madau ya wavuvi yanaposhushia samaki, upande wa Likoni. Ni mama karanga, jina ambalo Pwani tunawaita wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza. Wanaomba friji kubwa, na maelezo yao ya mahitaji yanasema hivi:

"Wanawake walio katika mazingira magumu kwenye mnyororo wa thamani wa uvuvi wanakabiliwa na changamoto mtambuka za kijamii na kiuchumi zitokanazo na ukosefu wa miundombinu ya kuhifadhia samaki, hali inayodhoofisha ustahimilivu wao na kuwanyima fursa za uwezeshwaji jumuishi na endelevu."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kasoro yake huonekana ukiihamishia Kisumu. Wanawake wa Ziwa Viktoria wanaoanika dagaa wangeweza kuitia sahihi bila kubadilisha neno, na wale wa Lamu vilevile. Maelezo yanayomfaa kila mtu hayamwelezi yeyote, na mkaguzi aliyeketi na maombi mengi mezani hana cha kushika.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Andiko linasema kwamba tatizo ni ukosefu wa kifaa cha kuhifadhia samaki, kisha linaomba kifaa cha kuhifadhia samaki. Hapo mwandishi amezunguka na kurudi alipoanzia. Kukosa friji si shida yenyewe, kwa kuwa watu wengi hawana friji na hawapotezi chochote kwa sababu hiyo. Shida ni kile kinachowapata wanawake hawa kwa kukosa njia ya kuweka samaki hadi kesho, na hicho andiko halikukitaja popote.

Wengi wakiambiwa waandike kwa lugha nyepesi hushika kamusi. Hubadilisha "mtambuka" kuwa "mbalimbali" na "ustahimilivu" kuwa "nguvu," na maelezo yakabaki matupu kama yalivyokuwa. Neno gumu mara nyingi limekaa mahali ambapo mwandishi hakuwa na habari. Aliandika "changamoto mtambuka" kwa sababu hakujua ni ngapi, zinatokea lini, na zinamgharimu nani shilingi ngapi. Kwa hiyo kazi ya kuandika upya huanzia dikoni, si kwenye kompyuta.

Ukifika huko, usiulize "changamoto zenu ni zipi?" Swali hilo limeulizwa mara nyingi mno, na watu wamekwisha kujifunza majibu yake, utaambiwa mtaji, masoko na mafunzo, kwa mpangilio huohuo. Uliza badala yake: "Mama, jana tangu ulipoamka ulifanya nini?" Kisha mwache aseme. Katika mfano wetu, atakwambia kwamba alishuka dikoni asubuhi kusubiri madau, akanunua samaki wadogo baada ya wachuuzi kuchagua wakubwa wa kupeleka mjini, akawapaa na kuwakaanga kwa kuni mchana, na saa kumi jioni akatandaza meza kando ya barabara. Saa mbili usiku wateja walikwisha, samaki walikuwa hawajaisha. Hapo ndipo unapouliza walibaki wangapi, na wakaenda wapi.

Jibu la mtu mmoja kwa siku moja halitoshi, wala usimwombe akumbuke miezi sita, kwani atakupa siku ile mbaya kuliko zote. Afadhali kila mmoja wa wale 17 aandike kwa siku 14 mfululizo mambo manne tu: kilo alizonunua, pesa alizotoa, pesa alizopokea, na kiasi kilichobaki usiku. Asiyependa kuandika anaweza kuweka alama kwenye daftari la jirani yake. Ni hesabu ndogo, lakini ni ya kwao wenyewe, na ina thamani kubwa kuliko takwimu ya kaunti nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Nambari hiyo ni sahihi na nimeiona katika maombi mengi mno, ilhali haisemi lolote kuhusu robo ya samaki iliyobaki kwenye sinia.

Daftari zikikusanywa, panga wanawake hao kuanzia aliyepoteza pesa nyingi hadi aliyepoteza kidogo, kisha mchukue aliye katikati, yaani wa tisa. Huyo ndiye utakayemsimulia. Kishawishi ni kumchukua wa kwanza, kwa kuwa kisa chake kinahuzunisha zaidi. Lakini mkaguzi mzoefu akikuta kisa cha kutisha kisicho na hesabu ya wenzake, hujiuliza kama si kisa cha mtu mmoja tu. Wa tisa ana wanane juu yake na wanane chini yake, na jambo hilo linaweza kusemwa kwa sentensi moja.

Baada ya kazi hiyo, maelezo yaliyoandikwa upya yanaweza kusomeka hivi:

"Sisi ni mama karanga 17 wa diko moja la Likoni. Hununua samaki wadogo asubuhi, huwakaanga mchana na kuwauza kando ya barabara kuanzia saa kumi jioni. Mmoja wetu hutoa shilingi 2,500 kila siku: 2,000 za kilo 10 za samaki na 500 za mafuta na kuni. Samaki wote wakiuzwa hupata shilingi 3,200, na faida yake ni 700. Mwezi wa Januari tuliandika hesabu kwa siku 14. Katika siku 5 kati ya hizo madau yalileta samaki wengi, wauzaji wakajaa barabarani, naye akabakiwa na robo ya samaki wake. Kesho yake aliwauza kwa nusu bei, na faida ya kila siku kama hiyo ikashuka hadi shilingi 300. Kwa siku hizo 5 alipoteza shilingi 2,000, ambazo ndizo pesa zake za kununulia samaki wa siku nzima. Wanane kati yetu walipoteza zaidi yake, na wanane walipoteza kidogo kuliko yeye. Mtaji ukipungua, hukopa samaki kwa mwenye dau, na kilo ya shilingi 200 huhesabiwa 230. Tatizo hili ni la msimu wa kaskazi. Kusi likivuma samaki huwa wachache na hawabaki."

Aya hiyo haina neno la huruma. Haisemi "maskini" wala "wasiojiweza," na mimi ningeyafuta maneno hayo hata kama yangekuwamo, kwa sababu hayalingani na mwanamke anayezungusha shilingi 2,500 kila siku ya Mungu. Nusu bei inamweleza msomaji kila alichohitaji kujua. Tena msomaji anaweza kukagua: robo ya 3,200 ni 800, nusu yake ni 400, na mara 5 ni 2,000. Hesabu inayokubali kukaguliwa hujenga imani.

Sentensi mbili za mwisho kuhusu kaskazi na kusi ndizo zinazozua ubishi kila ninapozipendekeza. Viongozi wa vikundi huona kwamba kukiri tatizo ni la msimu ni kujipunguzia uzito. Mtazamo wangu ni kinyume. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi, bahari ikatulia na samaki wakapatikana. Kusi huanza yapata Aprili, bahari ikachafuka, na madau madogo hayatoki siku nyingi. Mkaguzi yeyote anayeijua Pwani atauliza friji hiyo itahifadhi nini mwezi wa Julai, na nani atalipa umeme wake ikiwa tupu. Maneno ya semina yalikuwa yamelificha swali hilo hata kwa kikundi chenyewe. Lugha nyepesi imelifichua, na sasa wanaweza kulijibu katika sehemu ya mpango wa kazi: huenda masanduku yenye kuta nene na barafu ya kununua kwa siku za wingi tu yakafaa kuliko friji. Uamuzi huo si wa maelezo ya mahitaji, lakini usingefikirika bila maelezo hayo kuandikwa vizuri.

Ikiwa fomu ya mfadhili inadai maneno yake, kwa mfano "usalama wa chakula," usigombane nayo. Liweke neno hilo katika sentensi moja baada ya picha kukamilika. Likitangulia, msomaji atakuwa amekwisha kuchoka kabla hajafika dikoni.

Kuna sharti la sheria pia. Kisa cha mwanamke wa tisa, pamoja na mapato na madeni yake, ni taarifa zake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mweleze andiko litakwenda kwa nani, mwombe ridhaa yake, na mpe nafasi ya kukataa bila kuulizwa sababu. Usitaje jina lake. Katika kikundi cha watu 17, hata idadi ya watoto wake au ulemavu wa mumewe hutosha kumtambulisha kwa majirani, kwa hiyo jambo lisiloongeza kitu kwenye hesabu liache nje.

Hatua ya mwisho ni kuwasomea wanawake wenyewe aya hiyo kwa sauti kabla haijatumwa. Andiko la kwanza lingesomwa, wote wangeitikia kwa kichwa kwa adabu, kwa kuwa hakuna la kupinga katika "uwezeshwaji jumuishi." Hili la pili litapingwa, na ndiyo faida yake. Mmoja atasema: "Lakini hiyo robo si yote inayouzwa, mwanangu; vipande vingine watoto huvila." Basi rudi kwenye daftari, ugawe robo hiyo upya kati ya kilichouzwa na kilicholiwa nyumbani, urekebishe ile 2,000, kisha uwasomee tena.